Herufi Sitini za Mama

Miezi minne Kati aliishi kama mtu anayekanyaga sakafu iliyopigwa deki sasa hivi. Kabla ya kufanya lolote alisita, akaangalia kulia na kushoto, akajiuliza: au ni hili?

Alisita kabla ya kukata nywele. Alisita kabla ya kumwazima jirani pasi. Mteja mmoja wa cherehani yake, fundi wa redio aliyefiwa na mke, mwenye adabu zake, alimkaribisha soda, na Kati akaikodolea macho ile chupa mpaka gesi yote ikaisha. Mdogo wake, Mziwanda, alisema dada yake amekuwa kama gari lililowekwa gia halafu dereva akashuka.

Kisa chenyewe kilikuwa ujumbe mmoja wa simu.

Mama yao alikuwa karani mpiga chapa. Miaka thelathini na moja alikaa nyuma ya taipureta, kisha nyuma ya kompyuta, akijaza fomu za ofisi, na alistaafu na imani moja tu: kisanduku hakiachwi wazi. "Ukikiacha wazi," alikuwa akisema, "kuna mtu mwingine atakujazia, na hatakujazia mema." Basi benki ilipomfundisha kutuma hela kwa simu, akakuta pale chini ya kiasi kuna kisanduku kimeandikwa Sababu. Watu wengine hukiruka. Wengine huandika "matumizi", yakaisha. Mama alivaa miwani.

Kaka, mtoto wake wa kwanza, fundi wa lifti mwenye mke na kitambi, alitumiwa hela ya kodi kwa sababu ya KODI YA NYUMBA YA MTU MZIMA MWENYE NDEVU. Mziwanda alitumiwa ya SABUNI SIYO WIGI NITAKAGUA. Kisanduku kilipokea herufi sitini tu, nafasi zikihesabiwa, na mama hakuwa mtu wa kukatishwa maneno. Sentensi ikimzidi, alituma tena kiasi cha chini kabisa kinachokubaliwa na benki ili kubeba maneno yaliyobaki. Alikatwa ada ya muamala kwa ajili ya neno moja, na hakujuta hata siku moja.

Tatizo lilikuwa upande wa wapokeaji. Wote watatu walipokea kwenye simu, na ujumbe wa simu ulionyesha mwanzo wa sababu tu, kisha ukakatika. Sababu nzima ilibaki benki. Kwa hiyo kila hela ilipoingia, mtoto alipiga simu: "Mama, umeandika nini mwishoni?" Mama akasoma, akacheka kabla hajafika mwisho, akaanza upya. Kati, ambaye kwa kawaida maneno yake ungeweza kuyahesabu kwa vidole na kidole gumba kikabaki, alikuwa akicheka kwenye simu ile mpaka wateja wake walifikiri amechomwa na sindano.

Asubuhi ya upasuaji, saa moja na dakika kumi na mbili, ujumbe uliingia. Hela ya nauli ya kwenda hospitali. Sababu: KATI MWANANGU USIJE UKA

Dakika chache baadaye akapiga. Simu imezimwa. Muuguzi alikuwa ameshaichukua, na miwani pia. Mama aliingia chumba cha upasuaji na hakutoka akiwa hai.

*

Kati alikuwa mshonaji wa sare za shule, na wiki ileile ya mazishi alijishonea gauni jeusi. Refu, la mikono mipana, lenye marinda kiunoni yanayofunguka chini. Tangu hapo hakulivua, ila kulifua usiku na kulipiga pasi asubuhi. Hakulia mbele za watu. Alishona.

Kaka naye alikuwa na mwavuli.

Huo mwavuli ulikuwa na habari yake. Asubuhi ileile, saa moja na dakika kumi na nne, na yeye alitumiwa hela kidogo mno, ya kununulia kiberiti labda. Sababu: MWAVULI. Basi. Alipiga, simu imezimwa. Baada ya mazishi akasema neno la mwisho la mzazi ni agizo, akaenda dukani, akaongeza hela ya kwake nyingi, akanunua mwavuli mkubwa mweusi wenye mpini wa mbao. Tangu siku hiyo hakutoka nyumbani bila huo mwavuli. Kiangazi kilikuwa kikali, ardhi imepasuka, mawingu yamekwenda likizo, Kaka anao. Kazini aliuning'iniza kwenye shimo la lifti.

"Mama aliona mbali," alisema. "Mvua ya mwaka huu itakuja na yake."

"Au aliona unanenepa, akataka kivuli kikutoshe," alisema Mziwanda.

Kikao cha familia kilipokaa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, wote walimwelekea Kati. Ni mtulivu, walisema, hana makuu. Akaenda mahakamani na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao, tangazo likabandikwa, siku zikapita, hakuna aliyepinga, akapewa barua ya usimamizi yenye muhuri. Sasa alitakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali za marehemu, na kwa ajili hiyo ilihitajika taarifa ya akaunti ya mama kutoka benki. Hapo ndipo moyo wake uliporuka. Aliwaza: benki ndiko sababu nzima iliko.

Jumapili mchana walikusanyika kwenye chumba chake cha ushonaji kuandika barua. Kati alifuta chaki mezani, akachukua kalamu.

"Andika," alisema Kaka, akisimama na kuegemea mwavuli. "Kwa heshima na taadhima, na kwa huzuni isiyo na kifani, sisi yatima..."

"Una miaka arobaini na sita," alisema Mziwanda.

"Yatima hana umri! Andika: sisi yatima, tukiwa tumepigwa na dhoruba ya..."

"Kaka," alisema Kati, "tunaomba taarifa ya akaunti. Hatuombi kazi ya kusoma habari redioni."

Mziwanda akaanza. Kicheko cha Mziwanda kilianzia puani kama birika linalokaribia kuchemka, kikashuka mabegani, kikaishia magotini. Alikuwa muuza dawa, na mwenye duka alikuwa ameshamwonya mara mbili. Tangu msiba kicheko kilikuwa hakimtii kabisa. Kilimkamata hata makaburini, ikabidi ajifunike khanga watu wakadhani amezimia.

"Andika tu namba ya akaunti na tarehe," alisema akijifuta macho. "Na sababu. Lazima watataka sababu."

Kalamu ya Kati ilisimama. Sababu. Mwishowe aliandika: "Kwa ajili ya kuandaa orodha ya mali za marehemu itakayowasilishwa mahakamani." Ilikuwa kweli. Lakini ilikuwa kweli ya kuvaliwa tu, kama nguo ya harusi ya jirani.

*

Mlinzi wa benki aliunyooshea mwavuli kidole.

"Mzee, hiyo silaha?"

"Wosia," alisema Kaka.

Mlinzi alifikiri kidogo, akampisha.

Afisa aliyewapokea alikuwa mwembamba, shati limenyooka kama limechapwa pamoja naye, na juu ya meza yake kulikuwa na mihuri mitano iliyopangwa kwa urefu. Kabla hawajakaa vizuri Mziwanda alikuwa ameshambatiza jina: Bwana Muhuri. Afisa aliwapa pole kwa sauti ya chini, kisha akaomba nyaraka. Cheti cha kifo, halisi na nakala. Barua ya mahakama, halisi na nakala. Kitambulisho cha msimamizi, halisi na nakala. Alilinganisha kila nakala na halisi yake, akagonga muhuri, akasaini ubavuni, akarudisha halisi.

"Akaunti tuliifunga siku mlipotuletea taarifa ya kifo," alisema. "Hakuna kinachoingia wala kutoka mpaka mirathi ikamilike. Huduma ya simu pia imezimwa. Taarifa mtaipata keshokutwa."

Keshokutwa yake walipata kurasa nne zenye muhuri na barua ndogo inayoonyesha salio la siku ya kifo. Kati hakuangalia salio. Alifungua ukurasa wa mwisho, akatelemsha kidole mpaka tarehe ile.

UHAMISHO KWENDA SIMU.

Mstari wa chini yake: UHAMISHO KWENDA SIMU.

Ukurasa mzima hivyohivyo. Mama yake, aliyekuwa haachi kisanduku wazi, alikuwa amejaziwa na mtu mwingine.

"Maneno yake yako wapi?" aliuliza Kati.

Bwana Muhuri aliinua macho. "Maneno gani?"

"Ya kwenye sababu."

"Aa. Hayo hayatoki kwenye taarifa ya kawaida. Hii ni muhtasari. Mahakama inataka salio tu, na salio hili hapa." Aliligusa kwa kalamu, kwa upole, kama daktari anayeonyesha mfupa uliopona. "Ukitaka taarifa ya kina yenye maelezo ya kila muamala, inatoka makao makuu. Ni barua nyingine, kuna ada kwa kila ukurasa, na siku saba za kazi. Na wewe kama msimamizi una haki ya kuomba. Ila utaje sababu inayoeleweka, kwa sababu wataniuliza: mahakama imeshapata salio, hizi nyingine za nini?"

Kati alikunja kurasa nne, akaziweka kwenye mkoba, akasimama. Kaka alipomfuata mwavuli ulinasa kwenye kamba ya foleni, kamba ikavuta nguzo, nguzo ikavuta mwenzake, na foleni nzima ya benki ikajikuta haina mwelekeo. Mziwanda ilibidi atolewe nje akiwa ameshikwa mikono yote miwili.

*

Barua ya pili Kati aliiandika peke yake, asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza. Alifuta mara tatu. Ilisomeka hivi:

"Kwa Meneja wa Tawi.

YAH: MAOMBI YA TAARIFA YA KINA YA AKAUNTI YA MAREHEMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni binti wa marehemu na msimamizi wa mirathi yake. Nakala za cheti cha kifo na barua ya mahakama nimeziambatanisha tena. Naomba taarifa ya akaunti ya mama yangu kwa miaka miwili ya mwisho, ikiwa na maelezo yote aliyoyaandika kwenye sehemu ya sababu.

Mahakama haijaniagiza. Salio nimelipata, nashukuru. Naomba kwa sababu asubuhi aliyofariki mama alinitumia hela, akaandika 'Kati mwanangu usije uka', na simu yangu haikuonyesha zaidi. Sijui nisije nikafanya nini. Tangu hapo naogopa kufanya kitu chochote. Ada nitalipa.

Ahsante."

Bwana Muhuri aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena.

"Dada yangu," alisema, "hii sababu siwezi kuipeleka."

"Ni ya uongo?"

"Ndiyo shida yenyewe, siyo ya uongo. Angalia." Akatoa fomu. Sababu ya maombi: mahakama, kodi, mgogoro wa muamala, ukaguzi, nyinginezo, eleza. "Miaka tisa niko hapa. Nyinginezo sijawahi kuiwekea alama. Sijui hata ikiwekwa alama inakwenda kwa nani."

"Mama alikuwa anasema kisanduku kikiachwa wazi..."

"Mtu mwingine atakijaza," alimalizia Bwana Muhuri.

Kati alimtazama.

"Alikuwa akija hapa," alisema yule afisa, masikio yamemwiva. "Mama mfupi, miwani yenye mnyororo. Siku ya kwanza nimeanza kazi nilimpa fomu nusu tupu asaini. Alinisomesha dakika ishirini, watu nyuma yake wanapiga miayo. Sikujua ndiye huyu." Alichukua kalamu, akashusha pumzi kama mtu anayeruka mtaro, akaweka alama kwenye nyinginezo. Mbele yake kulikuwa na kamstari kafupi. Alifikiri, kisha akaandika kwa herufi kubwa: KUMALIZIA SENTENSI. Akagonga muhuri. Halafu, bila sababu ya kiofisi, akagonga na wa pili.

Siku saba za kazi ni nyingi ukizihesabu kwa vifungo vya mashati. Kati aliweka vifungo mia sita. Kaka alipiga simu kila jioni na dhana mpya. "Usije ukauza kiwanja?" Hakuna kiwanja. "Usije ukahama?" Ahamie wapi? "Usije ukaolewa na fundi redio!" Hapo Kati alinyamaza kwa namna iliyomfanya Kaka aseme, "Haya, haya, nilikuwa nauliza tu," akakata simu mwenyewe.

*

Siku ya nane walienda wote watatu. Bwana Muhuri hakuwaweka kaunta. Aliwaingiza kwenye kichumba cha vioo ambako watu hukopeshwa au kunyimwa. Bahasha ilikuwa mezani, nene.

"Kurasa thelathini na nane," alisema. "Utasaini kila moja kwamba umeipokea. Nimezihesabu, sijazisoma." Akakohoa. "Nimesoma ya kwanza. Kuhakikisha jina."

"Imesemaje?"

Alijaribu kuzuia uso wake. Uso ulimshinda pembeni mwa mdomo.

Kati aliifungua bahasha, lakini mistari ilianza kuogelea. Miezi minne hakulia mbele za watu, na sasa maji yalichagua kuja mbele ya mtu wa benki. Alimsukumia karatasi. "Nisomee," alisema. "Kutoka mwanzo. Nisikie zote. Ya mwisho iwe ya mwisho."

Bwana Muhuri alijiweka sawa tai. Na kwa sauti ileile ambayo huwaambia watu riba imepanda, akaanza.

"Tarehe tatu. Malipo ya fundi bomba. Sababu: Kwa fundi bomba ambaye bomba bado linavuja na yeye anajua."

Birika la Mziwanda lilianza kupiga mluzi.

"Tarehe tano. Mchango wa kikundi. Sababu: Mchango wangu na mwenyekiti aache kusinzia tunamwona. Tarehe tisa. Umeme. Sababu: Giza halinipendezi mimi si popo. Tarehe kumi na mbili. Uhamisho kwenda simu, kwa..." akamtazama Kaka. "Kwako, mzee. Sababu: Hii ni ya mwisho nimesema ya mwisho narudia tena ya mwisho. Tarehe hiyohiyo, dakika moja baadaye, kiasi cha chini. Sababu: Mpaka mwezi ujao."

Kaka alijificha nyuma ya mpini wa mwavuli. Mziwanda alikuwa ameshateleza kwenye kiti, kidevu kiko sawa na meza. Bwana Muhuri aliendelea, ukurasa kwa ukurasa, na kila alivyojikaza kuwa rasmi ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika, maana hakuna kitu kinachochekesha kama upuuzi unaosomwa na mtu aliyevaa kitambulisho shingoni. Kufika ukurasa wa kumi na moja, kwenye WIGI LA PILI NIMELIONA SOKONI LIKIWA NA KICHWA CHAKO NDANI, sauti yake ilipasuka katikati kama ya kijana anayebalehe. Akaomba maji. Akayanywa, yakapotea njia, akapaliwa. Kaka akampiga mgongoni. Nje ya kioo foleni yote ilikuwa imegeuka. Mlinzi alikuja, akachungulia, akaona mkopaji anayetoa machozi, afisa anayekohoa, mwanamke aliye chini ya meza na mzee mwenye wosia, akaamua hayamhusu.

Kati alicheka. Kicheko kilitoka kule kilikokuwa kimefungiwa na vifungo mia sita, kikatoka na vumbi lake, na aliposikia sauti yake mwenyewe alicheka zaidi kwa sababu ilifanana na ya mama kabla hajafika mwisho.

"Sasa," alisema Bwana Muhuri, akiushika ukurasa wa thelathini na nane kwa mikono miwili.

Mziwanda akapanda kitini.

"Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Uhamisho kwenda simu. Kwa Kati. Sababu." Akasogeza kalamu kwenye mstari. "Kati mwanangu usije ukavaa nyeusi haikupendezi unafanana na."

Kati akainama juu ya karatasi.

"Na?" alisema Kati.

"Imeishia hapo. Unafanana na." Alihesabu kwa ncha ya kalamu, midomo ikicheza. "Hamsini na tisa. Nafasi imemwishia."

Kati alijitazama. Gauni refu, mikono mipana, marinda yanayofunguka chini. "Nafanana na nini?" Sauti yake ilikuwa inapanda ngazi. "Miezi minne! Nafanana na nini?"

"Subiri," alisema Bwana Muhuri. "Kuna mstari mmoja tena. Dakika mbili baadaye. Kiasi cha chini kabisa. Lakini huu hakukutumia wewe. Umekwenda kwa..." Kalamu ilitembea kwenye mstari, ikafika mwisho, ikasimama. Alifunga macho. Mabega yake yalianza kutikisika.

"Kwa nani?" alisema Kaka. "Soma, bwana!"

Bwana Muhuri hakuweza. Aliinua mkono tu, akanyoosha kidole, taratibu, kuelekea kitu kilichokuwa kimesimama katikati ya magoti ya Kaka, kirefu, cheusi, chenye marinda yaliyokunjwa vizuri na kamba kiunoni.

Kati aliuangalia mwavuli. Mwavuli, ungesema, ukamwangalia.

"Kwenye orodha ya simu yake mlikuwa mmefuatana," alisema Mziwanda polepole. "Kaka juu, Kati chini. Na miwani..."

"Miwani ilikuwa kwa muuguzi," alisema Kati.

"Nimebeba..." Kaka alisimama. "Nimebeba hiki kitu miezi minne. Kwenye jua! Watoto wa mtaani wananiita Masika! Nimebeba mwisho wa sentensi ya mtu mwingine!"

Na hapo chumba cha vioo kilikwisha. Mziwanda alirudi chini ya meza. Bwana Muhuri aliweka kipaji cha uso juu ya bahasha yenye muhuri ambao wino wake haujakauka na alipoinuka kilikuwa kimeandikwa IMEPOKELEWA, kinyumenyume. Kaka, mtu mzima mwenye ndevu, alilia na kucheka kwa zamu mpaka zamu zikagongana. Kati alimkumbatia, yeye na mwavuli, na mwavuli ulijifungua wenyewe kwa kubanwa, paa, ukawafunika wote wawili.

Alijua, aliwaza Kati huko chini ya kile kivuli. Amelala pale anasubiri kisu, anajua nitajishonea gauni jeusi, anajua hata litakavyokuwa. Na akaona cha kunikataza ni hicho tu. Si kuuza, si kuhama, si kukata nywele. Si soda.

*

Walipotulia kiasi cha kuweza kushika kalamu, alisaini kurasa thelathini na nane. Kisha Bwana Muhuri akaleta daftari la kukabidhi nyaraka: tarehe, jina, nyaraka, saini. Mwisho kabisa palikuwa na safu pana iliyoandikwa Maoni. Kati alipekua nyuma. Kurasa na kurasa, miaka na miaka, safu ile ilikuwa nyeupe kuanzia juu mpaka chini.

"Si lazima," alisema Bwana Muhuri. Alipoona anavyotazamwa, akajirekebisha. "Jaza."

Kati aliandika kwa herufi kubwa, akihesabu kwa midomo, nafasi na zenyewe:

MAMA NIMEPATA UJUMBE NYEUSI NAIVUA LEO KAKA ANAOMBA KUULIZA

Kisanduku kikajaa. Kalamu ikabaki hewani.

Bwana Muhuri aliinama, akaona. Mstari wa chini ulikuwa wa mteja atakayefuata. Utaratibu ni utaratibu, mstari mmoja mtu mmoja, na wakaguzi wakija wangeuliza. Alitazama mlangoni. Halafu akaligeuza daftari kidogo ili limkae vizuri Kati, akaweka kidole chake pale panapoanzia mstari unaofuata.

"Andika na tarehe," alisema, "iwe muamala wa pili."

Kati akaandika tarehe, akaandika saa, kisha:

MWAVULI TUUFANYEJE